Uwanja Umefungwa Kweli? Namna ya Kusoma Notamu Kabla ya Safari ya Unguja

Kila likizo za skuli zinapokaribia, katika magrupu yetu ya watsapu huzunguka picha ya maandishi ya Kiingereza yaliyokatwakatwa, herufi kubwa tupu, na chini yake mtu kaandika: "Jamani, uwanja wa Unguja unafungwa siku kumi na mbili, wenye tikiti mjue." Baada ya hapo simu hazinyamazi. Mwenye arusi anauliza, mwenye mgonjwa anauliza, na mwenye mzee aliyekwisha mkatia tikiti ya kurudi anataka kujua aibadilishe au aiache, na kubadilisha tikiti msimu huu si pesa ndogo.

Maandishi yale huitwa notamu. Ni tangazo rasmi ambalo mamlaka ya anga ya nchi huwatolea marubani na watu wa mashirika ya ndege, kuwajulisha jambo lililobadilika au litakalobadilika: njia ya kurukia imefungwa, taa haziwaki, mafuta hakuna, jeshi linafanya mazoezi ya kupiga mizinga baharini, au anga yote ya nchi imefungwa. Kazi yangu ni kupanga safari za ndege hapa Maskati, na hakuna safari ninayoipeleka kwa rubani bila ya kuzisoma kwanza. Si siri. Zinatolewa wazi, na yeyote anaweza kuzitazama katika kurasa za mamlaka za anga. Tabu yake ni kwamba zimeandikwa kwa vifupisho vilivyobuniwa zama za mashine za simu ya maandishi, pale kila herufi ilipokuwa na gharama yake.

Nataka tuisome moja pamoja, mstari kwa mstari. Hii nimeitunga mwenyewe kwa kufundishia. Namba yake nimeiweka sifuri ili asije mtu akaitafuta au akaisambaza. Lakini umbo lake ndilo lilelile mtakaloliona katika notamu za kweli.

```
A0000/26 NOTAMN
Q) HTDC/QMRLC/IV/NBO/A/000/999/0613S03913E005
A) HTZA
B) 2608101900 C) 2608220200
D) DAILY 1900-0200
E) RWY 18/36 CLSD DUE WIP
```

Mstari wa kwanza ni namba ya tangazo na mwaka wake. Herufi ya mwisho kabisa ndiyo ya kutazama. N maana yake tangazo ni jipya. Ikiwa R, tangazo hili limechukua nafasi ya jengine la kabla yake, na namba ya lile la zamani huandikwa pembeni. Ikiwa C, lile la zamani limefutwa. Picha nyingi zinazozunguka ni za matangazo ambayo siku mbili nyuma yalikwisha futwa au kubadilishwa, na aliyezituma hana habari.

Mstari wa Q ni wa mashine zaidi kuliko wa watu, kwani kompyuta huutumia kuchambua matangazo. HTDC ni eneo la anga linaloongozwa kutoka Dar es Salaam. QMRLC ndiyo fumbo lenyewe: MR ni njia ya kurukia, LC ni kufungwa. Mwishoni ni mahali penyewe kwa digrii, nyuzi 6 na dakika 13 kusini, nyuzi 39 na dakika 13 mashariki, na maili 5 za baharini kuzunguka hapo. Katikati mtaona NBO. Nimeshaulizwa zaidi ya mara moja kama tangazo linahusu Nairobi, kwa sababu NBO ndiyo herufi za Nairobi kwenye tikiti. Hapa si Nairobi. Ni alama tatu zilizowekwa pamoja, zinazosema kwamba jambo hili wenye ndege walijue upesi, liingie katika taarifa za kabla ya safari, na linahusu uendeshaji wa ndege. Mtaikuta NBO hiyo hata katika tangazo la uwanja wa Salala.

Mstari wa A ni uwanja. Tikiti yako imeandika ZNZ, lakini notamu haizijui herufi tatu za tikiti. Inatumia nne. Unguja ni HTZA, Dar es Salaam HTDA, Mombasa HKMO, Maskati OOMS, Dubai OMDB. Kabla ya kushtuka kwa tangazo lolote, hakikisha kwanza kwamba ni la uwanja wako.

Sasa nenda chini kwenye E, ambako jambo lenyewe limetajwa. RWY ni njia ya kurukia, CLSD imefungwa, DUE WIP ni kwa sababu ya kazi inayoendelea. Namba 18/36 zimewahadaa wengi wakadhani ni njia mbili, na kwamba ikifungwa moja itabaki ya pili. Ni njia moja yenye majina mawili kwa ncha zake mbili. Anayeruka kuelekea kusini, nyuzi 180, huiita 18. Anayeruka kuelekea kaskazini, nyuzi 360, huiita 36. Uwanja wa Abeid Amani Karume una njia hiyo moja tu. Kwa hivyo ikifungwa, hata kama jengo la abiria liko wazi, taa zinawaka na maduka yanauza, hakuna ndege inayotua wala inayoruka. Dubai njia moja ikifungwa, ipo nyengine. Unguja haipo.

Hapo ndipo aliyesambaza picha alipokoma. Kaona "imefungwa", kaona tarehe ya B na tarehe ya C, kahesabu siku kumi na mbili, basi. Mstari aliouruka ni D, nao ndio unaogeuza habari yote.

B ni mwanzo na C ni mwisho, na kila moja husomwa mbilimbili: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika. 2608101900 ni mwaka 2026, mwezi wa 8, tarehe 10, saa 19:00. C ni tarehe 22 mwezi huohuo, saa 02:00. D, inapokuwepo, husema kwamba baina ya tarehe hizo mbili jambo haliendelei moja kwa moja, bali kwa vipindi. DAILY 1900-0200 maana yake kila siku kuanzia 19:00 mpaka 02:00. Yaani njia inafungwa kila usiku kwa masaa saba, kwa masiku kumi na mawili, na mchana kutwa iko wazi. Picha ikikatwa mstari wa D, au msomaji asipoujua, kazi ya usiku hugeuka kuwa uwanja uliofungwa.

Lakini masaa hayo ni ya wapi? Si ya Unguja wala si ya Maskati. Notamu zote duniani huandikwa kwa saa za dunia, zile zinazoandikwa UTC. Unguja iko mbele kwa masaa 3, Oman na Imarati mbele kwa masaa 4, Qatar na Kuwait mbele kwa masaa 3 kama Unguja. Na sisi Waswahili tuna hesabu yetu ya tatu juu ya hizo mbili, ya saa moja ya asubuhi inayoanza baada ya jua kuchomoza. Ndiyo maana nawaambia watu wachukue kalamu wasihesabu kichwani.

Tuhesabu. Saa 19:00 za dunia ni 22:00 Unguja, yaani saa nne usiku. Saa 02:00 za dunia ni 05:00 Unguja, saa kumi na moja alfajiri. Basi tafsiri kamili ya tangazo letu kwa lugha ya nyumbani ni hii: kuanzia usiku wa tarehe 10 Agosti mpaka alfajiri ya tarehe 22, njia ya kurukia ya Unguja itafungwa kila usiku kuanzia saa nne mpaka saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya kazi.

Tumpe sasa msafiri wetu tikiti. Anaondoka Maskati Jumamosi tarehe 15 Agosti saa 01:20 kwa saa za Oman, yaani saa saba na dakika ishirini za usiku wa kuamkia Jumamosi. Akiutazama ule mstari wa D bila ya kubadilisha saa, ataona 01:20 imo ndani ya 1900 na 0200, na atasema safari yake imekufa. Kafanya makosa mawili kwa pamoja. Kwanza, 01:20 ya Oman ni 21:20 za dunia, na tarehe bado ni 14, Ijumaa. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, saa ya kuondoka Maskati haina uhusiano wowote na njia ya Unguja. Kinachohusu ni saa ya kutua.

Kutoka Maskati mpaka Unguja ndege hukaa angani masaa matano na nusu hivi. Ongeza juu ya 21:20, utapata 02:50 za dunia, yaani 05:50 Unguja, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi. Njia itakuwa imeshafunguliwa kwa dakika hamsini. Safari ipo.

Dakika hamsini ni nafasi, lakini si kubwa, na mimi niliye ofisini sizitazami kama anavyozitazama abiria. Kazi ya usiku kwenye njia ya kurukia haimaliziki kwa kuzima mashine. Magari lazima yatoke, njia ifagiliwe, kwani jiwe dogo likivutwa na injini linaiharibu, kisha mtu wa uwanja apite kuikagua ndipo aseme iko tayari. Siku mvua ikinyesha au lami ikichelewa kukauka, saa kumi na moja huweza kuwa saa kumi na mbili. Kwa hivyo katika usiku kama huo tunaweka mafuta ya ziada ya kuzungukia angani, na tunaitazama Dar es Salaam, kilomita sabini na kitu kusini, kuwa ndiyo uwanja wa akiba. Na uwanja wa akiba nao una notamu zake za kusomwa. Hakuna maana ya kukimbilia uwanja ambao usiku uleule umezima taa zake.

Ikiwa kazi imezidi kweli, litakuja tangazo jipya:

```
A0001/26 NOTAMR A0000/26
...
D) DAILY 1900-0330
```

Herufi R mwishoni mwa neno la kwanza, na namba ya zamani pembeni. Sasa njia inafunguliwa saa 03:30 za dunia, 06:30 Unguja, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ndege yetu inayofika 02:50 imewahi kwa dakika arubaini. Dawa yake si kuzunguka angani dakika arubaini na kuunguza mafuta. Dawa ni kuichelewesha Maskati. Ukipata ujumbe kutoka shirika lako kwamba safari imesogezwa kwa saa moja, bila ya sababu yoyote kutajwa, mara nyingi sababu ni mstari mmoja kama huu. Usigombane na kijana wa kaunta. Ukingoja kwenye kiti cha uwanja wa Maskati, angalau chai unaipata.

Hatari halisi katika tangazo letu haimo katika kwenda. Imo katika kurudi, na ni wachache wanaoitazama. Tuseme msafiri anarudi Alkhamisi tarehe 20 Agosti, ndege inaruka Unguja saa 21:30 za pale, saa tatu na nusu usiku. Njia inafungwa saa nne kamili. Nafasi aliyonayo ni nusu saa. Ndege hiyohiyo lazima kwanza ifike kutoka Maskati, ishushe, ijazwe mafuta, ipakie. Ikiwa imechelewa kutoka Maskati kwa dakika arubaini, haitawahi kuruka, na mlango ukishafungwa saa nne haufunguliwi mpaka alfajiri. Kuchelewa kwa dakika arubaini siku ya kawaida ni kuchelewa kwa dakika arubaini. Usiku wa notamu hii kunakuwa kuchelewa kwa masaa saba na nusu, na pengine zaidi, kwa sababu marubani nao wana ukomo wa masaa ya kazi kisheria na hawawezi kukesha kisha wakaruka.

Kwa mwenye kuungia Maskati ndege nyengine, au mwenye ruhusa ya kazi inayokwisha siku ya pili yake, hilo ni jambo la kulipanga mapema. Mwenye tikiti kama hiyo namshauri arudi siku moja kabla ya siku yake ya lazima, au achague ndege ya mchana. Na huyo ndiye wa kupigiwa simu, si yule wa alfajiri ya kwenda ambaye grupu zima linamhurumia.

Kuna neno moja la kulitafuta kwenye mstari wa C: EST. Likiandikwa baada ya saa ya mwisho, maana yake ni makisio. Tangazo lenye EST halifi lenyewe saa ile ikifika. Linaendelea mpaka mamlaka ilifute au ilibadilishe. Kwa hivyo usimwambie mama yako "wamesema itafunguliwa kesho" ikiwa EST ipo. Hawajasema hivyo. Wamesema wanadhani. Na ukiona PERM, jambo hilo ni la kudumu.

Si kila notamu ya uwanja inafunga mlango. Nyengine zinapunguza tu, na athari yake humfikia abiria kwa njia asiyoitegemea. Ukikuta kwenye E maneno JET A1 NOT AVBL, maana yake mafuta ya ndege hayapatikani pale. Ndege inaweza kutua na kuruka kama kawaida, lakini mafuta ya kurudia itayapata wapi? Ndege za njia moja ya katikati ya viti, zinazotumika sana kwa safari hizi zetu, hula tani mbili na kitu kwa saa. Masaa matano na nusu ni tani kumi na mbili na zaidi. Kwenda na kurudi ni ishirini na nne au zaidi, na matangi yake hubeba tani ishirini hivi. Hayatoshi. Kwa hivyo wakati wa kurudi lazima ipitie Dar es Salaam au Mombasa kujaza, na safari ya masaa matano na nusu inakuwa ya saba au nane. Na wakati wa kwenda, kila tani ya mafuta inayobebwa kwa tahadhari huenda ikala nafasi ya mzigo. Ndiyo maana kuna siku abiria wote wanafika na maboksi yao yanafika kesho yake. Watu husema mizigo imesahauliwa. Wakati mwengine imeachwa kwa hesabu.

Mpaka hapa tumesoma uwanja. Lakini baina ya Maskati na Unguja kuna anga, nayo ina notamu zake. Ndege ikinyoosha njia hutoka anga ya Oman, OOMM, ikapita anga inayoongozwa na Yemen, OYSC, kisha Mogadishu, HCSM, kisha Nairobi, HKNA, mpaka Dar es Salaam, HTDC. Kwa matangazo ya anga kuna mistari miwili zaidi, F na G, na hiyo ni sakafu na dari. SFC ni usawa wa ardhi au bahari. FL320 ni futi 32,000. UNL ni bila ya kikomo. Meli za kivita zikifanya mazoezi ya kupiga mizinga baharini, tangazo litatoa mahali, saa, na urefu, na ndege za abiria zitapita juu ya dari hiyo au pembeni yake. Msafiri hatajua chochote ila labda kuchelewa dakika kumi.

Hii mistari miwili ina somo zito. Tarehe 14 Julai 2014, Ukraine iliifunga sehemu ya anga yake ya mashariki, penye vita, mpaka futi 32,000. Juu ya hapo palibaki wazi. Tarehe 17 Julai ndege ya Malaysia, safari namba MH17, ilikuwa ikipita pale kwa futi 33,000, juu ya dari ya tangazo, kwa kufuata sheria, ilipopigwa kombora. Watu 298 walikufa. Wachunguzi wa Uholanzi baadaye walisema kulikuwa na sababu za kutosha kwa Ukraine kuifunga anga ile yote. Notamu inakwambia kile ambacho mamlaka imeamua kukifunga. Haikwambii kila kilicho hatari. Ndiyo maana mashirika mengi siku hizi huzunguka maeneo ya vita hata pale ambapo tangazo halijakataza, na tikiti inakuwa ndefu kwa saa nzima bila ya notamu yoyote ya kuielezea.

Upande wa pili wa somo hilo tuliuona hapa kwetu Ghuba tarehe 23 Juni 2025. Jioni ile Qatar ilifunga anga yake, na Imarati, Bahrain na Kuwait nazo zikafunga kwa masaa, Iran ilipoipiga kambi ya Al Udeid. Matangazo yale yalitoka wakati ndege nyingi zimo tayari angani zikielekea Doha na Dubai, na zikageuzwa au kupelekwa viwanja vyengine. Aliyesoma notamu asubuhi ile hakuona kitu, na hakukosea kusoma. Kufungwa kwa njia ya kurukia kwa ajili ya lami hutangazwa siku nyingi kabla. Kufungwa kwa anga kwa ajili ya makombora hakungoji. Sisi kazini huzisoma wakati wa kupanga, tukazirudia kabla ya ndege kuondoka, na yakitokea mapya ndege ikiwa njiani rubani hupelekewa angani.

Kwa hivyo msafiri afanye nini? Mimi nawaambia jamaa zangu watazame mara mbili tu. Mara ya kwanza ni siku wanayotaka kununua tikiti, watazame HTZA na uwanja wa kuondokea, watafute CLSD, na wakiiona wasome D kabla ya kitu chochote. Waandike kwenye karatasi safu tatu: saa za dunia, saa za Unguja, saa za Oman, na tarehe pembeni ya kila moja. Kisha waweke saa ya kutua ya kwenda na saa ya kuruka ya kurudi, waone imebaki nafasi kiasi gani baina yake na kufungwa. Ikiwa ni chini ya masaa mawili, basi ndege ile ina nafasi ndogo ya kuchelewa na wao wapange wakilijua hilo. Mara ya pili ni siku moja kabla ya safari, kutazama kama pana R au C mpya.

Baada ya hapo waache. Notamu haifuti safari ya mtu. Anayefuta au kusogeza ni shirika la ndege, na yeye ndiye wa kuulizwa, kwa namba iliyo kwenye tikiti. Kuna notamu nyingi za uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na zaidi ya nusu ya ninazozisoma hazimhusu abiria kabisa: kreni imesimamishwa mahali fulani, taa moja ya pembeni haiwaki, ndege wa angani wameongezeka karibu na uwanja. Mtu akizisoma zote kwa hofu hatasafiri maisha yake.

Na picha ikikujia tena kwenye grupu, kabla ya kuipeleka mbele itazame kwa mambo manne: herufi nne za uwanja, herufi ya mwisho ya mstari wa kwanza, mwaka ulio mwanzoni mwa B, na kama D ipo au imekatwa. Ikiwa imekatwa, mwambie aliyeileta aitafute nzima. Kuna mtu katika grupu lile anayengoja kwenda kuzika, na neno "uwanja umefungwa" kwake ni neno zito. Haifai kumwambia hivyo kwa njia inayofungwa saa nne usiku na kufunguliwa alfajiri, ilhali yeye anafika saa kumi na mbili.